Funguo ziwe za mwisho: siku tuliyokabidhiwa nyumba Nyasaka

Nyumba yangu ya Buhongwa, hapa Mwanza, niliilipia Alhamisi, nikapewa funguo Ijumaa, na Jumamosi asubuhi nikaenda na ndoo na fagio kufanya usafi. Pale lilipokuwa simtanki la lita elfu mbili nikakuta duara jeupe la saruji. Pampu ya kisima ilikuwa imeng'olewa, bomba limeachwa likitazama juu. Nikiwa bado nashangaa, mlango wa banda la uani ukafunguka, akatoka kijana mmoja na taulo begani. "Karibu dada," akaniambia. "Mimi nimelipa mpaka Machi." Ilikuwa Oktoba.

Sikuwa na la kumdai aliyeniuzia. Mkataba wetu ulisema "nyumba na vyote vilivyomo" bila kutaja hata kimoja, na pesa ilikuwa imeshaingia kwake. Simu yake iliita mara mbili tu, baada ya hapo haikuita tena.

Kwa hiyo mwaka jana mdogo wangu aliponiambia amepata nyumba Nyasaka, upande wa mlimani, kwa shilingi milioni 96, nilimwambia sitaki kujua mengi kuhusu rangi ya vigae. Nilitaka tu kuwepo siku ya kukabidhiana. Orodha ya vitu vya kuangalia siku hiyo kila mtu anayo: hati, risiti, funguo, umeme, maji. Kinachowaumiza watu, kwa nilivyoona mimi, ni mpangilio. Tunalipa kwanza, tunapokea funguo, halafu ndiyo tunakagua. Mimi nilitaka tuugeuze huo mpangilio: ukaguzi asubuhi, karatasi mchana, pesa baada ya karatasi, na funguo za mwisho kabisa.

Kuna jambo moja la kuelewa kabla ya yote. Kwetu Tanzania siku ya kukabidhiana haimalizi mauzo. Hata ukilipa senti ya mwisho, hati inabaki na jina la muuzaji mpaka kibali cha uhamisho kitoke, kodi zilipwe, na Msajili wa Hati aandike jina lako. Hizo ni wiki kadhaa, pengine miezi. Ukiwa umeshalipa yote, muuzaji hana tena haraka ya kukusaidia, na katika hizo wiki ndipo utamhitaji kwa saini, kwa kitambulisho, kwa namba yake ya TIN. Kwa sababu hiyo malipo ya mdogo wangu yaligawanywa mara tatu tangu kwenye mkataba: milioni 10 siku ya kusaini, milioni 76 siku ya kukabidhiana, na milioni 10 za mwisho kukaa kwenye akaunti ya wateja ya wakili mpaka hati itoke na jina jipya. Dalali hakupenda. Alisema hiyo ni kumtilia mzee mashaka. Mzee mwenyewe aliyekuwa anauza, mwalimu mstaafu, alicheka akasema angekuwa yeye ndiye mnunuzi angefanya hivyo hivyo.

Tarehe ya kwanza tuliivunja. Upekuzi wa hati kwa Msajili tulikuwa tumeufanya wiki tatu nyuma, na ulitoka safi: jina ni la mzee, hakuna rehani, hakuna zuio. Lakini upekuzi ni picha ya siku ulipopigwa. Mtoto mwenye kinyongo, mkopeshaji, au mke aliyeachwa nje ya mazungumzo anaweza kuweka zuio kesho yake, na karatasi uliyonayo mkononi haitakuambia. Tukaomba upekuzi mwingine. Ulipokuwa bado unasubiriwa, wakili akauliza kitu ambacho dalali alikuwa amekipitia juu juu: mama, mke wa mzee, yuko wapi?

Mama alikuwa Sengerema kwa binti yake aliyejifungua. Mzee akasema hakuna tatizo, mama anajua, tena ndiye aliyependekeza wauze. Wakili akajibu kwa heshima kwamba anamwamini, lakini ile ni nyumba ya ndoa, na Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mmoja auze bila ridhaa ya mwenzake. Haijalishi jina lililo kwenye hati ni la nani. Ridhaa ya simu haitoshi. Anatakiwa asaini, na asaini mbele ya wakili. Tukasogeza siku kwa wiki moja, tukaipanga Jumanne. Jumanne kwa makusudi, kwa sababu malipo makubwa ya benki yakianza Ijumaa alasiri, likitokea kosa la herufi moja kwenye jina, mnalala na wasiwasi mpaka Jumatatu. Mama akaja na basi asubuhi. Siku hizi daraja la Kigongo-Busisi limeondoa ile habari ya kusubiri kivuko, saa tatu alikuwa ameshafika na kapu la mihogo.

"Shikamoo mama." "Marahaba wanangu. Nani kati yenu ananinyang'anya jiko langu?"

Ukaguzi tuliuanzia nje, kwenye mipaka. Nyumba za mlimani Mwanza zina hila yake: jiwe kubwa ambalo kila mtu mtaani anasema ndiyo mpaka, na bikoni, alama ya mpaka iliyowekwa na wapima ardhi, ambayo imefunikwa na udongo mita tatu kando yake. Tulikuwa na nakala ya ramani iliyomo ndani ya hati, yenye namba za bikoni. Kiwanja kile kilikuwa na nne. Tatu tuliziona haraka, namba zake zikasomeka. Ya nne, kona ya nyuma, ilikuwa imefukiwa chini ya ukuta wa banda la kuku la jirani. Jirani hakubisha, alisema banda ni la mbao tu na atalisogeza. Tukaandika hivyo kwenye karatasi ya makabidhiano, naye akasaini. Lingekuwa ukuta wa matofali, siku ingeishia hapo. (Rafiki yangu mmoja alikuwa anatafuta kiwanja Luchelele, karibu kabisa na maji. Bikoni zote zilikuwepo, lakini kiwanja karibu chote kilikuwa ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, ambazo Sheria ya Mazingira ya 2004 inazikinga na ujenzi. Bikoni haikuambii kila kitu.)

Ndani tulitembea na orodha iliyoambatanishwa kwenye mkataba, kitu kwa kitu: simtanki mbili, pampu, hita ya bafuni, makabati ya jiko, mapangaboi manne, antena. Hili ndilo nililolikosa Buhongwa. Mzee alikuwa ameshaondoa pangaboi moja la sebuleni, akasema alidhani si sehemu ya nyumba. Tulikubaliana alirudishe, na akalirudisha kabla ya saa saba.

Muda mrefu zaidi tuliutumia kwenye maji. Nyumba ya mlimani ikiwa na simtanki lililojaa, kila bomba litakutolea maji ya kuvutia, na hutajua kama ya mamlaka yanapanda mpaka pale au yanaletwa na boza. Tafuta bomba linalotoka moja kwa moja kwenye mita, kabla ya tanki. Mara nyingi ni lile la bustanini. Lifungue siku ya zamu ya mtaa ule. Sisi tuliuliza majirani, wakasema Jumanne na Ijumaa maji hufika, na kweli yalikuja, membamba lakini yalikuja.

Baada ya hapo tukafunga bomba zote, pamoja na valvu ya kuingizia tanki, tukaitazama mita. Kwenye uso wa mita kuna kidude kidogo, aghalabu chekundu, kinachozunguka hata maji yakipita tone kwa tone. Kila kitu kikiwa kimefungwa nacho bado kinazunguka, kuna bomba linavuja mahali fulani chini ya ardhi, na ankara yake utailipa wewe. Tulikaa nusu saa tukinywa soda. Hakikusogea.

Tukapiga picha ya mita. Ankara ya mwisho ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, ilisoma 1,412, mita siku ile ilisoma 1,439. Tofauti ni yuniti 27, na yuniti moja ni lita 1,000. Maji hayo yalitumika nyumba ikiwa bado ya mzee, ila ankara yake ingetoka mwisho wa mwezi, nyumba ikiwa na mtu mwingine. Watu wengi huangalia kama ankara ya mwisho imelipwa, wanaridhika. Deni la siku zilizo kati ya ankara na funguo halijaandikwa popote isipokuwa kwenye mita yenyewe. Mzee alilipa fedha ya yuniti zile 27 kwa mdogo wangu palepale, tukaiandika. Kubadilisha jina la akaunti kulifanyika wiki iliyofuata kwa kupeleka mkataba, kitambulisho na ile picha ya usomaji.

Umeme una mtego tofauti. LUKU unalipia kabla, kwa hiyo watu hudhani haiwezi kuwa na deni. Inaweza. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa humo humo unaponunua umeme, na kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Nyumba ikikaa tupu bila mtu kununua umeme, kodi inaendelea kujilimbikiza kimya kimya, na anayenunua wa kwanza ndiye anayekatwa yote. Yako pia madeni mengine ya TANESCO yanayofungwa kwenye mita na kukatwa kidogo kidogo kila unaponunua.

Njia ya kujua ni rahisi mno: nunua umeme kwenye mita hiyo kabla hujalipa nyumba. Mdogo wangu alinunua wa shilingi 20,000 kwa simu, akasimama sebuleni kusoma ujumbe. Mbali na makato ya kawaida ya VAT, REA na EWURA, kodi ya jengo ilikatwa shilingi 6,000. Miezi minne. Mzee alikuwa amehamia kwa mwanawe tangu masika na hakuwa amenunua umeme. Shilingi 6,000 si fedha ya kugombania, na hatukugombana. Lakini hakukuwa na mstari mwingine wa deni, na hicho ndicho tulichokuwa tunakitafuta. Kisha akaingiza tokeni yenyewe, tarakimu zote ishirini, kuona kama mita inapokea. Nimewahi kusikia mita inayokubali malipo na kukataa tokeni.

Na banda la uani? Safari hii nilikuwa wa kwanza kugonga. Alikuwemo dada mmoja anayeuza dagaa Kirumba Mwaloni, amelipa miezi sita mbele kama ilivyo desturi ya mji huu, na miwili ilikuwa imebaki. Kodi yake ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Mzee alikuwa ameshaipokea na kuila. Tulikaa wote wanne kwenye ngazi, tukakubaliana shilingi 100,000 ziondoke kwenye pesa ya mzee ziende kwa mdogo wangu, dada akae mpaka siku zake ziishe, baada ya hapo waongee upya. Tukaandika. Yeye akasaini kwa kalamu ya mwanawe wa shule.

Saa saba tukawa kwa wakili.

Hati yenyewe ilikuwa mezani, si nakala. Tukalinganisha namba ya hati, kiwanja na kitalu na kile kilichoandikwa kwenye upekuzi mpya. Jina la mzee kwenye hati na kwenye kitambulisho cha NIDA yalilingana, na huo ni ushindi, maana hati nyingi za zamani zina jina la kati lililoandikwa vingine, na hapo lazima kiapo kitengenezwe. Risiti za kodi ya pango la ardhi zilikuwepo mpaka mwaka ule. Wakili hakuziangalia kwa macho tu, aliomba kontroo namba mpya ya kiwanja kile kuona kama mfumo unadai chochote. Haukudai.

Kisha wakatia saini fomu zote za uhamisho kwa mkupuo: namba 29, taarifa ya uhamisho, namba 30, maombi ya kibali, na namba 35, uhamisho wenyewe. Mzee, mama kwa ridhaa yake, mdogo wangu, picha ndogo zikabandikwa, muhuri ukagongwa. Hapa wengine huridhika na mkataba wa mauziano, fomu wanasema "tutasaini tukianza kufuatilia". Usikubali. Mzee wa miaka sabini na moja anaweza kuugua, anaweza kusafiri, anaweza kufariki, na ukifika hapo hushughuliki naye tena. Utashughulika na msimamizi wa mirathi na warithi wake.

Bei kwenye fomu iliandikwa ileile, milioni 96. Dalali alikuwa amependekeza iandikwe milioni 60 "ili kupunguza makali ya kodi". Haisaidii, kwa sababu mthamini wa serikali hupita, na thamani yake ikiwa juu ya bei yenu ndiyo itakayotumika. Tena siku mkigombana mahakamani, mkataba wako utasema ulilipa milioni 60.

Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji. Mwenye kumbukumbu za gharama zake hulipa asilimia 10 ya faida, asiye nazo asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyothibitishwa, ile iliyo kubwa. Mzee alijenga kidogo kidogo kwa miaka kumi na mbili, bati leo, saruji mwaka kesho. Risiti zake zote zingejaa kiganja. Kwa asilimia 3 ilikuwa shilingi 2,880,000. Ushuru wa stempu, asilimia 1, ulikuwa wa mdogo wangu: shilingi 960,000. Muuzaji akikuambia bei yake ni "neti", maana yake kodi yake umeibeba wewe, kwa hiyo piga hesabu hiyo kabla ya kupeana mikono.

Hapo ndipo zile milioni 10 zilipoonekana kazi yake. Bila cheti cha kodi kutoka TRA, uhamisho hausajiliwi, na muuzaji aliyekwisha kulipwa yote hana haraka ya kwenda kulipa karibu milioni tatu kwa ajili ya hati yako. Mkataba ulisema kodi ya mzee italipwa na wakili kutoka kwenye zile milioni 10, kwa kontroo namba yenye jina la mzee. Hakuna wa kumbembeleza.

Tukaenda benki ya mdogo wangu, mimi na mdogo wangu mbele, wazee wakifuata na wakili. Milioni 76 zilitumwa kwa TISS, mfumo wa kuhamisha pesa kati ya benki na benki, kwenda akaunti yenye jina lilelile la hati. Mzee alikuwa amependekeza iende kwa mwanawe anayejua mambo ya simu, tukamwomba radhi, tukakataa: ushahidi wa malipo unaoonyesha jina la mtu asiye muuzaji ni ushahidi wa kumpa zawadi mtu mwingine. Karani akagonga muhuri kwenye nakala yenye namba ya muamala. Hiyo ilikuwa karatasi ya mdogo wangu, nayo ilithibitisha kwamba pesa imetoka tu.

Kwamba imefika, hilo ni la mzee kusema. Nilimshauri asiamini ujumbe wowote wa simu, hata ukija na jina la benki, wala picha ya skrini kutoka kwetu. Ujumbe unaweza kutungwa na yeyote. Aende kwenye tawi lake aulize salio. Tulingoja kwenye mgahawa wa jirani, sato na ugali, mama akiwa na wasiwasi zaidi ya mumewe. Saa tisa na nusu mzee alirudi kutoka tawini ameshika karatasi ya salio iliyokunjwa mara nne. Akaandika kwa mkono wake wa kimwalimu, herufi zimesimama wima: nimepokea shilingi milioni sabini na sita, akataja namba ya muamala, tarehe, saini. Akampa mdogo wangu shilingi laki moja za kodi ya banda.

Funguo zilitolewa kibarazani Nyasaka, jua likielekea ziwani. Tulizihesabu na kuziandika: geti kubwa mbili, geti dogo mbili, mlango wa mbele tatu, jikoni mbili, vyumba vitatu moja kwa kila chumba, kufuli la kisanduku cha mita ya maji moja. Mlinzi wa usiku wa nyumba ile alisimama pembeni, na ikabainika anadai mshahara wa nusu mwezi. Mzee akamlipa. Karatasi ya makabidhiano ikasainiwa ikiwa na usomaji wa mita mbili, hali ya banda la kuku, mpangaji na idadi ya funguo.

Fundi alikuwa ameshaitwa. Kabla giza halijaingia vitasa viwili vya nje vilikuwa vipya. Hakuna aliyemshuku mzee, ila funguo za nyumba ya miaka kumi na mbili hujui zimepita kwa mafundi na wapangaji wangapi.

Hati ilitoka wiki ya kumi na moja. Ikaja na jina la mdogo wangu, na siku hiyo hiyo wakili akampelekea mzee zilizobaki baada ya kodi, shilingi 7,120,000. Mama alinipigia simu kuniambia zimefika, halafu akauliza kama yule jirani ameshasogeza banda lake la kuku. Alikuwa bado.